Rwanda iliifunga Nigeria, Tanzania ikafuzu

Ukivuka Rusumo siku ya soko, ubishi huu unaweza kukukuta kwenye foleni. Amavubi waliifunga Nigeria 2-1 kule Uyo, Novemba 2024, lakini hawakwenda AFCON ya Morocco. Taifa Stars walifungwa na DR Congo nyumbani na ugenini, nao wakaenda. Wengi husema ni bahati. Mimi nasema ni hesabu, tena hesabu inayojulikana kabla ya mechi ya kwanza.

Timu 48 ziligawanywa katika makundi 12 ya timu nne. Kabla ya droo zilipangwa kwenye vyungu vinne kwa kufuata viwango vya FIFA, na kila kundi likapata timu moja kutoka kila chungu. Wawili wa juu walifuzu, isipokuwa kundi la mwenyeji Morocco lililobakiwa na nafasi moja tu. Kwa hiyo karibu kila kundi lilikuwa na kigogo wake, na vita halisi ilikuwa ya nafasi ya pili.

Hapo ndipo Rwanda ilipoteleza. Kwa Nigeria ilivuna pointi nne kati ya sita, kazi ya kusifiwa. Ikamaliza na pointi 8, sawa na Benin. Kanuni za CAF zinapokuta usawa huo hutazama kwanza mechi za wawili hao wenyewe, si mabao ya kundi zima. Benin ilishinda 3-0 Abidjan, Rwanda ikajibu 2-1 Kigali. Jumla 4-2, Benin ikapita. Na siku nne tu kabla ya Uyo, Rwanda ilikuwa imefungwa 1-0 na Libya, tena Kigali! Sare siku ile ingeipa pointi 9 na tiketi.

Tanzania haikupata hata pointi moja kwa Congo. Lakini mshindani wake halisi alikuwa Guinea, naye ilimfunga mara mbili: 2-1 Yamoussoukro, kisha 1-0 Dar es Salaam siku ya mwisho, bao la Simon Msuva. Guinea ilihitaji sare tu. Ikabaki na pointi 9, Stars wakawa na 10.

Ndiyo maana naona ni kosa kocha wa ukanda wetu kuwachosha wachezaji wake bora kwa kigogo, kisha kuingia na miguu mizito dhidi ya wa saizi yake.

Vyungu navyo havikuishia hapo. Kwenye droo ya fainali, timu 24 zilipangwa tena kwa viwango. Uganda ilikuwa chungu cha tatu, Tanzania cha nne, na hakuna kanuni iliyozuia majirani kukutana. Wakatupwa kundi moja, pamoja na Nigeria na Tunisia.