Mchoro wa Fosfeti Hauna Chuma Ndani Yake

Makala nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili la chokaa na fosfeti zinaanza na mchoro uleule. Chini kuna pH kuanzia 0 hadi 14, pembeni kuna sehemu ya kila umbo la asidi ya fosforiki, na katikati mistari minne inapokezana: H₃PO₄, kisha H₂PO₄⁻, kisha HPO₄²⁻, mwisho PO₄³⁻. Baada ya mchoro inakuja kauli kwamba udongo wa Lubumbashi una pH ya karibu 5, kwamba kwa sababu hiyo fosfeti yake imekaa katika umbo ambalo mahindi hayawezi kulitumia, na kwamba chokaa italigeuza umbo hilo. Hoja hii imeota mizizi katika kozi zetu na katika ripoti za miradi, na mimi naona wakati umefika wa kuing'oa. Mchoro wenyewe ndio wa kwanza kuikanusha.

Tuhesabu. Mistari hukatana pale pH inapolingana na pKa, yaani 2.15, 7.20 na 12.35 katika nyuzi 25 za selsiasi. Kwenye pH 5, uwiano wa HPO₄²⁻ kwa H₂PO₄⁻ ni 10 kwa kipeo cha 5 kutoa 7.20, yaani 0.006. Uwiano wa H₃PO₄ kwa H₂PO₄⁻ ni mdogo zaidi, 0.0014. Kwa hiyo katika kila sehemu mia za fosfeti iliyomo majini, sehemu 99 ni H₂PO₄⁻. Sasa tuweke chokaa mpaka pH ifike 6 na turudie hesabu. H₂PO₄⁻ inakuwa sehemu 94, na HPO₄²⁻ karibu 6. Hayo ndiyo mabadiliko yote. Tena H₂PO₄⁻ ndilo umbo ambalo mizizi hulichukua kwa urahisi kuliko mengine. Mtu akisoma mchoro peke yake angepaswa kusema kwamba udongo wa pH 5 uko katika hali nzuri kabisa, na kwamba chokaa inaupunguzia ubora kidogo. Hakuna mwandishi wetu hata mmoja aliyesema hivyo, maana kila mmoja ameona kwa macho yake mahindi yenye majani ya zambarau yakidumaa kwenye shamba lisilo na mbolea. Walichokiona shambani ni kweli. Sababu waliyoitoa siyo.

Mchoro unagawa fosfeti iliyokwisha kuyeyuka, na hausemi ni kiasi gani kimeyeyuka. Uliundwa kwa maji, asidi na besi tu. Chuma na alumini havimo. Udongo mwekundu unaouzunguka mji wetu umejaa oksidi za metali hizo mbili, na juu ya uso wake H₂PO₄⁻ huondoa kundi la OH au molekuli ya maji, ikakaa mahali pake na kushikamana na metali yenyewe. Ikishakaa hapo haimo tena katika mistari minne. Mahindi yanakosa fosfeti kwa sababu imetoka majini. Umbo la ile iliyobaki majini halina kosa lolote.

Anayetaka ushahidi anaweza kuupata katika labo yoyote yenye mizani, karatasi ya kuchujia na kifaa cha kupima rangi. Atengeneze KH₂PO₄ ya kiasi kinachojulikana ndani ya CaCl₂ ya 0.01 mola kwa lita, aitikise na udongo usiku kucha, achuje, kisha apime kwa njia ya buluu ya molibdeni. Kipimo kitashuka. Mtetezi wa hoja ya maumbo anaweza kujibu kwamba fosfeti ingalipo, ila imebadilika umbo. Jibu hilo halisimami, kwa sababu kitendanishi cha buluu ya molibdeni kina asidi kali ya salfuriki. Ndani yake pH ni ya chini sana, na umbo lolote lililoingia linageuzwa karibu lote kuwa H₃PO₄ kabla rangi haijatokea. Njia hii haitofautishi maumbo. Inayahesabu yote pamoja. Rangi ikipungua, fosfori imeondoka majini. Nimeshangaa kuona makala mbili zenye kipimo hiki kwenye jedwali na hoja ya maumbo kwenye mahitimisho, kana kwamba jedwali na mahitimisho viliandikwa na watu wasiozungumza wao kwa wao.

Basi chokaa inasaidia nini? Inasaidia, na sitaki msomaji atoke hapa akidhani napinga chokaa. pH ikipanda kupita 5.5 hivi, alumini inayoyeyuka, ambayo ni sumu kwa ncha za mizizi, hupungua sana. Mizizi hurefuka na kufikia udongo mwingi zaidi, na mmea hupata fosfeti zaidi hata kama maji ya udongo hayakuongezeka utajiri. Kazi hiyo inafanyika kwenye mizizi. Anayetaka kuieleza apime alumini inayobadilishika na urefu wa mizizi, auache mchoro mahali pake.

Mahali pake ni wapi? Hapa ndipo ninapoomba subira ya wasomaji, kwa sababu kazi ambayo mchoro huu unaifanya vizuri kabisa ndiyo ambayo waandishi wetu hawakuigusa. Mchoro ni chombo cha kuhesabu protoni. Mkulima anayepata unga wa mwamba wa fosfeti, kwa mfano ule wa Minjingu karibu na Ziwa Manyara huko Tanzania, anazika apatiti ardhini, na ndani ya apatiti fosfeti imekaa kama PO₄³⁻. Ikiyeyuka kwenye pH 5 inatoka kama H₂PO₄⁻, kwa hiyo kila fosfeti moja lazima ichukue protoni mbili:

Ca₅(PO₄)₃F + 6H⁺ → 5Ca²⁺ + 3H₂PO₄⁻ + F⁻

Protoni hizo sita zinatoka kwenye uchachu wa udongo. Hiyo ndiyo sababu Minjingu ilifanya kazi vizuri kwenye udongo wenye asidi wa magharibi mwa Kenya, na ndiyo sababu inalala bila kazi kwenye udongo wa chokaa. Uchachu tunaoulalamikia ndio unaofungua mwamba.

Sasa tutazame unyayo wa mstari wa nne. Kwenye pH 5 mchoro wa kawaida unaonyesha PO₄³⁻ ikiwa sifuri. Si sifuri. Jumla ya pKa ya pili na ya tatu ni 19.55, kwa hiyo uwiano wa PO₄³⁻ kwa H₂PO₄⁻ ni 10 kwa kipeo cha 10 kutoa 19.55, yaani karibu sehemu 3 katika bilioni kumi. Kwenye pH 6 ni karibu sehemu 3 katika milioni mia. Macho hayaoni tofauti yoyote kwenye skeli ya kawaida, lakini imeongezeka mara mia. Apatiti ina PO₄³⁻ tatu katika fomula yake, na kinachoamua kama inayeyuka au inaganda ni zao la viwango vya ayoni zake vikizidishwa pamoja. Mia mara mia mara mia ni milioni. Kwa kiasi kilekile cha fosfori na kalsiamu majini, hatua moja ya pH kutoka 5 hadi 6 inausogeza mwamba karibu mara milioni kuelekea kuganda, na bado hatujahesabu kalsiamu ambayo chokaa yenyewe imeleta. Ndiyo maana kuchanganya unga wa mwamba na chokaa ya Kakontwe katika shimo moja, msimu mmoja, ni kuupoteza mwamba. Mwamba utangulie, usagwe laini, uchanganywe na udongo ambao bado una asidi, upewe muda; chokaa ije baadaye. Ambaye alumini yake imezidi kiasi kwamba hawezi kungoja, atie chokaa na anunue fosfeti inayoyeyuka majini, kama iliyomo katika NPK 10-20-10. Ushauri huu unatokana na mstari ambao mchoro uliochapwa kwenye makala zetu unauonyesha ukiwa umelala juu ya sifuri. Kwa skeli ya logi ungeonekana ukipanda mteremko mkali wa hatua mbili kwa kila hatua ya pH.

Neno moja kuhusu namba zenyewe. Karibu kila labo mjini ina chupa ya bafa ya kurekebishia pH-mita yenye thamani 6.86. Bafa hiyo hutengenezwa kwa KH₂PO₄ na Na₂HPO₄ kwa viwango sawa, 0.025 mola kwa kilo ya maji kila moja. Viwango vikiwa sawa, mchoro unasema pH iwe 7.20. Chupa inasema 6.86, na chupa ndiyo iliyo sahihi. Ayoni zikiwa nyingi, HPO₄²⁻ yenye chaji mbili inatulizwa na jirani zake kuliko H₂PO₄⁻ yenye chaji moja, na sehemu ya kukatana inasogea kushoto. Maji ya udongo wenye virutubisho haba yana ayoni chache, kwa hiyo 7.20 inatosha. Kandokando ya punje ya mbolea inayoyeyuka, au katika majimaji ya mitambo ya shaba na kobalti, haitoshi hata kidogo, na humo metali zenyewe hushikana na fosfeti na kuunda maumbo ambayo mchoro haukuyachora.

Toleo hili lina mengine pia. Makala ya tatu inahusu madini ya fosfeti za shaba na urani ya eneo letu, ambayo msomaji ataifurahia kwa picha zake. Ya nne inaeleza D2EHPA, inayotumika kuondoa zinki na manganizi katika maji ya kobalti. Mwandishi anakumbusha vyema kwamba asidi hiyo imebakiwa na protoni moja tu ya kutoa, kwa hiyo ina mkato mmoja, si mitatu. Makala mbili za chokaa nilizozilalamikia nimezichapa, kwa kuwa vipimo vyake ni vya uangalifu na vinafaa kusomwa; waandishi wamekubali kurekebisha mahitimisho.

Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote yenye mchoro wa asidi ya fosforiki ije na thamani za pKa zilizotumika, halijoto, na nguvu ya ayoni ya maji yanayozungumziwa, na iwe na mistari kwa skeli ya logi kando ya ile ya kawaida. Ikiwa inahusu udongo, iseme pia fosfori iliyobaki majini baada ya kutikiswa ni kiasi gani. Mchoro ulionakiliwa kutoka kitabuni bila mambo hayo hatutauchapa.