Gramu 85 ni zile zile

Mwaka wa zaka unapotimia, maneno haya husikika Mlali, na yanawapotosha watu waaminifu kabisa.

La kwanza: "Dhahabu imepanda bei, kwa hiyo na nisabu yangu imepanda." Mwenye dhahabu asibabaike na bei. Nisabu yake ni uzito, dinari 20 za zamani, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa gramu 85 za dhahabu safi. Bei ipande au ishuke, gramu hazibadiliki. Bei inamhusu mwenye fedha taslimu anayepima akiba yake kwa nisabu ya dhahabu.

La pili: "Mzani umesoma zaidi ya gramu 85, basi natoa." Mzani hausemi usafi. Tuchukue mfano wa mama mkulima wa nyanya, aliyenunua dhahabu ili kuhifadhi mapato ya mavuno. Ana bangili za karati 21 zenye gramu 60, na mkufu wa karati 18 wenye gramu 50. Jumla ni gramu 110, lakini dhahabu safi ni ya karati 24. Bangili: 60 × 21 ÷ 24 = 52.5. Mkufu: 50 × 18 ÷ 24 = 37.5. Safi ni gramu 90, amefikia nisabu. Angekuwa na gramu 110 za karati 18 tupu, angekuwa na safi 82.5 na asingedaiwa. Kwa hiyo tazama mhuri kwanza: 750 ni karati 18, na 875 ni karati 21. Mkufu ukiwa na vito, uzito wa vito utolewe.

Zaka ya mama huyo ni asilimia 2.5, yaani gramu 2.25. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300,000 kwa gramu safi, ni shilingi 675,000. Atumie bei ya siku zaka ilipowajibika, na iwe ya dhahabu yenyewe. Bei ya dukani ina ujira wa sonara ndani yake.

La tatu: "Wakia ni gramu 28, gawanya hivyo." Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Wakia ya soko la dhahabu ni gramu 31.1. Ikiwa wakia ni shilingi 9,330,000, gramu ni 300,000 na nisabu ni 25,500,000. Ukigawa kwa 28.35, nisabu itatoka karibu milioni 28. Mwenye milioni 26.5 benki atajiona hadaiwi, kumbe maskini wana shilingi 662,500 zao humo. Na wanazuoni wengi hupima fedha taslimu kwa gramu 595 za madini ya fedha, ambayo thamani yake ni ndogo zaidi. Mwenye fedha taslimu amuulize shehe wake.

La nne: "Mapambo ya mwanamke hayana zaka." Kwa Mashafii, pambo halali la kuvaliwa kwa kiasi cha kawaida halina zaka, Mahanafi wanasema lina. Lakini yule mama alinunua ili kuweka akiba, na kwa nia hiyo hata Mashafii wanamdai.