Herufi moja, maana tatu

Kijana wa kidato cha kwanza alirudi nyumbani na jaribio la fizikia lenye alama mbaya. Swali moja lilitaka kazi inayofanyika mtu anaponyanyua ndoo ya maji ya kilo 20 kutoka chini hadi kichwani, mita 1.5. Alikuwa ameandika W = 200 N, akakosa.

Baba yake aliishia darasa la saba na Kiingereza cha kitabu kile hakijui. Akauliza kwa Kiswahili tu:

“Mwanangu, hii W ni nini?”

“Ni uzito, baba.”

“Na swali limeuliza uzito?”

Kijana akanyamaza, kisha akasema, “Hapana. Limeuliza kazi.”

Hesabu yake haikuwa na kosa. Kilo 20 mara 10 ni 200, na huo ndio uzito wa ndoo kwa nyutoni. Kilichobaki ni kuzidisha uzito huo kwa mita 1.5 ili kupata kazi, yaani jouli 300. Aliishia njiani kwa sababu alikwisha kuiona W, akadhani amefika.

Herufi za kanuni hizi ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. Katika lugha hiyo kazi, uzito na wati yote huanza na W. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba haoni uhusiano wowote kati ya “kazi” na W, kwa hiyo hukariri. P nayo ni hivyo hivyo: mahali pengine ni kanieneo, pengine ni kasi ya kufanya kazi.

Mzazi anaweza kulitambua kosa hili bila kujua fizikia. Aangalie herufi iliyo mwishoni mwa jibu. Kazi hupimwa kwa jouli, J. Uzito hupimwa kwa nyutoni, N. Swali la kazi likijibiwa kwa N, mtoto amechanganya maneno, na huenda hesabu anaiweza.

Jioni ile wawili hao walichora safu tatu kwenye daftari: herufi, neno la Kiswahili, kipimo. W ikaandikwa mara tatu: kazi, J, uzito, N, na wati, ambayo yenyewe ni kipimo, haina kingine. Kila kanuni mpya ikija, kijana huisoma kwanza kwa Kiswahili, “kazi ni kani mara umbali”, ndipo anaandika W = F × d.

Safu ya nne aliiongeza mwenyewe: neno la Kiingereza, alilolinakili kitabuni. Hiyo haiwezi kuachwa, maana Kiswahili kinamsaidia kuelewa swali, lakini mtihani atauandika kwa Kiingereza.