Mwendo wa Mwenye Ndoo Kichwani

Mara nyingi tumewasikia wageni wakimsifu mwanamke abebaye ndoo ya maji kichwani kwamba anatembea kana kwamba hana mzigo. Sifa hiyo tumeipokea kwa furaha, na wachoraji wetu wameipamba kwenye kadi na vitambaa. Sisi tunaona yafaa kuitazama upya, maana ndani yake umo udanganyifu usiokusudiwa.

Tuanze na mwendo wenyewe. Ndoo huketi juu ya ngata ya khanga iliyosokotwa, wima juu ya uti wa mgongo. Kichwa na shingo havichezi. Macho hutazama hatua kadhaa mbele, si miguuni. Mtikisiko wote hushushwa chini: kiuno hufuata mguu, magoti hulegea kidogo kila unyayo ugusapo ardhi, na hatua huwa fupi. Maji nayo yana mwendo wake. Katika ndoo ya kawaida huyumba takriban mara mbili kwa sekunde, na hatua za mtu atembeaye kwa kawaida hukaribia hesabu iyo hiyo. Viwili hivyo vinapopatana, maji hupanda ukingoni na kumwagika begani. Kwa hiyo aijuaye kazi hubadili mwendo mara ayasikiapo maji yakigonga ukingo, au hapo awali huelezea tawi la majani au bakuli juu yake ili yatulie.

Ustadi huo umepimwa. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha matokeo ya vipimo vya pumzi za wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Waliona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea wanawake hao gharama ya nguvu. Mwaka 1995 ikaelezwa sababu: mwili wao hupanda na kushuka kama timazi inayoning'inia, na nguvu ya hatua moja hutumika tena vizuri zaidi katika hatua ifuatayo. Lakini mwaka 2010 vipimo vya wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini havikuona nafuu hiyo kwa jumla. Kila mmoja alitofautiana na mwenzake.

Hata tukiyakubali matokeo yale ya kwanza, hebu tupige hesabu. Mama mwenye kilo 60 anapewa nafuu hiyo kwa kilo 12 tu. Ndoo ya lita 20, pamoja na chombo chenyewe, ni kilo 21 hivi. Kilo 9 zilizobaki analipia kwa pumzi zake, na shingo hulipia zote 21. Binti wa kilo 40 mpaka wake ni kilo 8, wala hatujaona ndoo iliyotengenezwa kwa kipimo chake.

Tanzania tumezoea kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani. Tuchukue nyumba ya watu sita iliyoko kwenye mpaka huo wa mita 400. Wanahitaji lita 150, yaani ndoo nane, ya mwisho ikiwa nusu. Kwenda na kurudi mara nane ni mita 6,400, na nusu ya njia hiyo ndoo iko kichwani. Hapo lengo limetimizwa kikamilifu! Mama hajatuliwa, amefupishiwa njia. (Mwanamume achotapo maji, mara nyingi twamwona na baiskeli au mkokoteni, tena kwa kuuza.)

Wanaokagua miradi hupima umbali wa bomba, lakini hawapimi kujitwika. Hapo nako pana hatari. Asipokuwapo mwenzake wa kumtwika, mama huinua ndoo toka chini hadi gotini, toka gotini hadi kifuani, kisha huinama kuingia chini yake huku mgongo umejipinda. Ukitaka kujua nani amezidiwa, mtazame kituoni na si barabarani: anayejaribu mara mbili, anayepunguza maji kwa kikombe kabla ya kuinua, anayeondoka ameshika ukingo kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo viongozi wa jumuiya wanapoitwa kwenye mkutano wa maji, tunawaomba waulize mambo mawili kabla ya kupiga makofi. Je, bomba litafika uani, au mita 400? Na kama ni mita 400, je, pembeni ya bomba patajengwa kizimba cha matofali cha kimo cha kifua, ili ndoo ikingwe juu yake na mama aipokee kichwani bila kuiinua toka chini? Matofali ya kazi hiyo si mengi.