Ridhaa ya mzazi na mwili wa mtoto: somo kutoka Singida

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu, suala la wiki hii limetoka kwa dada yetu mmoja aliyeolewa bara, katika mkoa wa Singida. Ana mtoto wa kike wa miaka mitatu. Kwa siku kadhaa mtoto amekuwa akijikuna sehemu za siri na kulia anapokwenda haja ndogo. Mama mkwe amesema hiyo ni lawalawa na dawa yake ni moja tu, mtoto akatwe. Mume ameshakubali. Dada alipokataa, mume alimjibu kwa hoja ambayo inataka jibu la makini. Alisema: "Mchezaji akivunjwa mguu uwanjani hakuna kesi, kwa sababu alikubali kucheza. Daktari akimpasua mgonjwa hakuna kesi, kwa sababu mgonjwa alikubali. Sasa sisi wazazi tumeridhia, kosa liko wapi?"

Nimeona nilijibu hapa hadharani, kwa sababu hoja kama hii inasemwa hata huku kwetu visiwani, ingawa kwa mambo mengine.

Kwanza tuelewe hiyo lawalawa. Ni jina linalotumika Singida na Dodoma kwa maradhi ya njia ya mkojo na ukeni yanayowapata watoto wa kike: muwasho, vipele, uchafu, maumivu ya mkojo. Watafiti waliozungumza na wazee wa huko wameelezwa kwamba zamani jina hilo halikuwa na uzito huo. Imani kwamba kukeketwa ndiyo tiba yake ilienea kuanzia miaka ya 1970, baada ya serikali kuanza kuipiga vita mila yenyewe. Kwa maneno mengine, mila ilipokatazwa kwa jina la mila, ilirudi kwa jina la tiba. Na sheria ilipokaza zaidi, umri wa wanaokatwa ukashuka hadi kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kumsimulia mwalimu wala jirani.

Hali inabadilika, alhamdulillahi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16, wanawake 31 katika kila 100 wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa 2022 idadi hiyo ilikuwa 20 katika kila 100. Lakini takwimu hizo ni za watu wazima. Mtoto anayekatwa leo ataonekana ndani yake baada ya miaka 12 au zaidi.

Sasa turudi kwenye hoja ya mume. Amesema kweli kwamba ridhaa ina nafasi katika sheria. Alichokosea ni kudhani kwamba ridhaa peke yake inatosha.

Tuanze na mpira alioutaja. Mchezaji anapoingia uwanjani anakubali kugongwa, kusukumwa na hata kuumia katika mbio za kuugombania mpira. Hayo ni sehemu ya mchezo, na bila ya kukubaliana juu yake mpira hauchezeki. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, ambayo hukumu zake mahakama zetu huzisikiliza bila ya kufungwa nazo, ilifuta hatia ya mchezaji wa ridhaa aliyemuumiza mwenzake vibaya mguuni kwa kumchezea rafu. Majaji walieleza kwamba rafu, hata ya kadi nyekundu, si lazima iwe jinai. Inakuwa jinai pale kitendo kinapovuka kabisa kile ambacho mtu anayecheza mchezo ule angetarajiwa kukivumilia. Kwa hiyo anayempiga mwenzake ngumi wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja hawezi kujificha nyuma ya jezi. Ridhaa ya yule mwenzake ilikuwa juu ya mchezo, na kitendo kile kiko nje ya mchezo.

Hata pale wote wawili wanapokubali kwa ndimi zao, upo mpaka. Mwaka 1882, huko huko Uingereza, majaji waliamua kwamba watu wanaopigana ngumi kavu mbele ya umati hawaokolewi na kukubaliana kwao. Ndondi za leo zinaruhusiwa na sheria kwa sababu zina glavu, mwamuzi, kanuni na daktari pembeni. Wanazuoni wetu walikwenda mbali zaidi. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha kumi huko Makka mwezi Safar 1408, sawa na Oktoba 1987, liliamua kwamba ndondi kwa namna zinavyochezwa ni haramu. Sababu yake ni kwamba kila mmoja anamruhusu mwenzake amdhuru dhara linaloweza kumpofua, kumharibu ubongo au kumuua, na mtu hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo. Hapa Zanzibar, ambako ndondi zimerejea miaka ya karibuni baada ya marufuku ya miongo mingi, jambo hilo tulijue.

Msingi huu umo katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara. Kifungu cha 232 kinasema kwamba ridhaa ya mtu kuuawa, au kulemazwa kiungo chake, haimwondolei jukumu la jinai aliyemfanyia. Na kulemaza, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni kukiharibu au kukifanya kisifanye kazi daima kiungo chochote, cha nje au cha ndani. Basi dada yetu atizame: hata mtu mzima mwenye akili zake anapokubali, ridhaa yake inafika mahali ikagota.

Tabibu naye anapitia mlango wake, nao ni kifungu cha 230. Upasuaji si jinai iwapo umefanywa kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, kwa manufaa ya mwenye kupasuliwa, na iwapo ulikuwa ni jambo la busara kwa hali aliyokuwa nayo. Yanatakiwa yote manne.

Tumpime mtoto wa dada yetu kwa mizani hiyo. Nia njema ya bibi yake tuikubali, kwani huenda anaamini kweli kwamba anamwokoa mjukuu. Ustadi haupo, maana ngariba hakusomea upasuaji. Manufaa hayapo, kwa sababu maradhi yale yanatokana na vijidudu na ukosefu wa usafi, khasa sehemu zenye shida ya maji kama Singida, na kukikata kiungo hakuviondoi vijidudu. Kinyume chake, kidonda kinavifungulia njia. Na busara haipo, kwa sababu tiba ya kweli iko karibu: mkojo unapimwa katika zahanati au kituo cha afya, na mtoto anapewa dawa ya bakteria au ya fangasi kulingana na majibu, huku akiogeshwa kwa maji safi. Mizani imeshindwa mara tatu katika nne, na kushindwa mara moja kungetosha.

Tena hapa hakuna ridhaa ya mwenye mwili. Mtoto hakuulizwa, na hata angeulizwa, jibu lake lisingehesabiwa. Mzazi anasimama badala yake, lakini amesimama kwa ajili ya maslahi ya mtoto. Ndiyo maana sheria ya mwaka 1998 iliingiza kifungu cha 169A: mwenye dhamana ya mtoto wa chini ya miaka 18 akisababisha akeketwe, ametenda kosa la ukatili kwa mtoto. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, pamoja na kumlipa fidia mtoto. Tizameni ajabu ya hoja ya mume: ridhaa anayoitegemea imwokoe ndiyo itakayomtia hatiani.

Fiqhi haiko mbali na hapo. Mafaqihi wamesema tabibu hadhaminishwi kwa mambo matatu yakikutana: awe anaijua kazi, awe amepewa idhini na mgonjwa au walii wake, na asivuke mpaka wa kazi yenyewe. Likikosekana moja, analipa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu ni mwenye kubeba dhamana. Hivyo idhini ya walii kwa asiyejua kazi ni sawa na kumpa ufunguo mtu asiyejua kuendesha gari.

Najua ataulizwa mtu: je, vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii havikutaja khitani ya mwanamke? Vimetaja, na wapo waliosema ni wajibu, wala sifichi. Lakini mama mkwe wa dada yetu hakutaja khitani, ametaja tiba, na wanaoifuata mila hiyo huko Singida ni Waislamu na Wakristo. Na katika khitani yenyewe, wanazuoni wa zama hizi waliporejea kwa matabibu na kuona dhara lake, wengi walibadilisha fatwa. Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alitangaza mwaka 2007 kwamba kukeketa ni haramu, baada ya msichana mmoja kufariki huko kwao akiwa mikononi mwa daktari. Kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana inatosha kulifunga suala hili.

Sisi wa visiwani tusiseme hili ni la bara peke yake. Ukeketaji si mila yetu, lakini ni wangapi wamempeleka mtoto mwenye kikohozi akakatwe kimio? Ni wangapi wamekubali kichanga chenye homa na kuharisha kichokolewe fizi kutolewa "meno ya plastiki", kumbe ni vijino vya kawaida ambavyo havijatoka? Huku tuna Sheria yetu ya Adhabu, Namba 6 ya 2018, na anayetenda kosa Singida atahukumiwa kwa sheria ya bara hata akiwa Mpemba. Lakini maswali manne yanamhusu mzazi popote alipo. Anayeshika kisu amesomea? Kuna manufaa gani kwa mtoto? Hali yake inahitaji hivyo kweli? Hakuna njia nyepesi zaidi? Khitani ya mtoto wa kiume mikononi mwa mwenye ujuzi inayajibu. Kimio na fizi haviyajibu.

Kwa dada yetu: mpeleke mtoto kituo cha afya leo, usingoje. Majibu ya kipimo yasomewe mume na mama mkwe kwa adabu, na ikiwezekana mganga wa kituo ndiye awaeleze, kwani neno lake litakuwa zito kuliko lako. Usimwache mtoto alale kwao mpaka wakubali. Ukiona wameshaazimia, piga simu 116, ya huduma kwa watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Huko si kumvunjia heshima mama mkwe. Unamzuia asiingie jela, na unamlinda mwanao asipoteze kitu ambacho hakuna atakayeweza kumrudishia.

Wallahu aalam.