Barua ya Kujieleza Haitoshi

Maofisini kuna imani iliyozoeleka mno, na wananchi wengi nao wameimeza: mtu akishapewa barua ya kujieleza, akajibu kwa maandishi, basi amesikilizwa. Jalada lina barua yake, mhuri wa kupokelewa upo, haki imetendeka. Kwa mambo mengi ni sawa. Kwa lile linalowasumbua watu wa mpakani kama sisi wa Ndama, yaani uraia, imani hiyo ni mbovu.

Tuseme mzee wa hapa Ndama, aliyezaliwa kabla ya uhuru, anapokea barua kwamba kuna taarifa kuwa wazazi wake walivuka Mto Kagera kutoka Rwanda. Ajieleze kwa maandishi. Kwa mtu wa umri wake, sheria iliyoanza kutumika Desemba 9, 1961 haiishii kuuliza alizaliwa wapi. Inauliza pia kama angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika. Cheti cha kuzaliwa cha mama yake hakipo na hakijawahi kuwapo. Ushahidi uliobaki uko vichwani mwa wazee wenzake na, jambo ambalo barua haimwambii, kichwani mwa yule aliyemsema.

Mjukuu anamwandikia ukurasa mmoja: mimi ni Mtanzania, nimezaliwa hapa, majirani wananifahamu. Afisa anasoma na kuona madai matupu. Lakini angemwita, angemuuliza mama yake alikulia kwa nani, nani alimwozesha, kaburi lake liko wapi. Kila jibu lingezaa swali jingine, na mzee angepata nafasi ya kusema kwamba aliyepeleka taarifa anagombana naye kuhusu shamba la kahawa. Barua hujibu lile tu ambalo mwandishi wake alidhani linabishaniwa.

Mahakama Kuu ya Marekani ililiona hili mwaka 1970 katika kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, iliyohusu watu maskini wa New York waliokuwa wakikatiwa misaada ya serikali. Ilisema wengi wao hawakuwa na elimu ya kuandika utetezi wa maana, na kwamba pale ukweli wa msemaji unapobishaniwa, karatasi ni msingi dhaifu wa uamuzi. Miaka sita baadaye, katika kesi ya Mathews dhidi ya Eldridge, mahakama hiyohiyo ilikubali kwamba malipo ya ulemavu yanaweza kusitishwa kwanza kwa kusoma majalada, kwa kuwa ubishi wake huamuliwa zaidi na taarifa za madaktari. Mstari uko hapo. Kama ubishi ni wa hesabu, wa tarehe iliyopigwa mhuri au wa tafsiri ya kifungu, andika barua, usimpotezee afisa muda. Kama ubishi ni nani kati ya watu wawili asadikiwe, waitwe wote wawili.

Hapa kwetu tunayo kesi ya Anudo Ochieng Anudo. Mwaka 2012 polisi wa Babati walibaki na pasi yake ya kusafiria wakitilia shaka uraia wake. Akamwandikia Waziri wa Mambo ya Ndani kuomba arudishiwe. Agosti 2014 jibu likaja kwa barua: pasi imefutwa, yeye si raia. Siku chache baadaye alifukuzwa kwenda Kenya, nako wakamkataa, akabaki akiishi eneo la mpakani lisilo la nchi yoyote. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zake, ikiwamo ya kusikilizwa. Barua zilikwenda na kurudi, ndiyo, lakini hakuwahi kupata pa kupinga yaliyosemwa juu yake.

Nakubali hoja moja ya wapinzani wangu: kuonana uso kwa uso nako kuna hatari yake. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ya kuwasaka wahamiaji haramu, iliwakuta watu wa mkoa huu wa Kagera ana kwa ana, na wengine walikisiwa kwa sura na lafudhi. Huko kulikuwa kutazamwa. Afisa anayesikiliza hamwiti mzee ili amkague pua. Anamwita ili amsomee tuhuma, amtajie chanzo chake, amuulize, aandike majibu na kuwahoji mashahidi wake.

Hoja nyingine, kwamba hata angeitwa uamuzi ungekuwa uleule, ilishazikwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Abbas Sherally: uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza mhusika hubatilishwa hata kama angesikilizwa na matokeo yakawa hayohayo.

Kwa hiyo ukiletewa barua ya kujieleza kuhusu uraia, usiishie kwenye maelezo yako. Ongeza aya moja: taja jambo mnalobishania, taja wazee wanaolijua, omba kuelezwa nani amesema nini, kisha omba kuitwa pamoja nao. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Afisa akikataa kukuita, sababu zake aziandike yeye.