Zipu ya mgongoni ihamie mbele

Gauni la kitenge lenye zipu mgongoni ndilo la kwanza kuachwa kabatini vidole vinapokakamaa na bega kukataa kupanda, na hapo dera hushika nafasi yake. Dera husifiwa kwa ulaini wake, na ni kweli, lakini halina mabega, na mwili uliopinda kidogo hupotea ndani yake. Gauni lenyewe linarekebishika. Fundi huufunga mgongo kwa mshono, hupasua mbele kutoka shingoni hadi chini ya kiuno, huongeza ukanda wa kitenge ili pande mbili zipishane, kisha hushona vifungo vikubwa juu kama pambo tu. Kinachofunga hasa ni vipande vya velkro vya sentimita 3 vilivyofichwa chini ya vifungo hivyo. Utepe mmoja mrefu wa velkro hukakamaa na kujikunja mtu akikaa. Velkro ifungwe kabla ya kufua, la sivyo hunasa nyuzi na kuacha kushika. Sumaku hufunga kwa urahisi zaidi, ila hazimfai mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Umbo hubebwa na mshono wa bega unaokaa pale bega linapoishia. Kitambaa kigumu kiwekwe ndani ya kola tu.